Kifaa kwenye gari hakijastaafisha kanuni ya namba kubwa

Bima ya gari inayopangwa kwa mwendo wa dereva mwenyewe inazidi kuenea. Kampuni inafunga kifaa kidogo kwenye gari, au inatumia simu ya dereva, na kifaa hicho kinahesabu kilomita, saa za usiku, breki za ghafla na kona zinazokatwa kwa kasi. Mwisho wa mwezi dereva anapewa alama, na alama inapandisha au kushusha ada yake. Tangazo la bima ya aina hii husema jambo moja: lipia hatari yako, usilipie ya mwenzako. Wapo wanaoshangilia kwamba dereva mwangalifu ameachwa huru na kundi. Wapo wanaolalamika kwamba bima kama mfuko wa pamoja imekufa. Pande hizi mbili zinagombana, lakini zimekubaliana juu ya jambo ambalo si kweli, kwamba kampuni sasa inaweza kumjua mtu mmoja bila kupitia kwa wengi. Haiwezi. Bei ya mtu mmoja bado inatoka kwenye madai ya maelfu ya watu wengine, na kifaa kimebadilisha tu namna ya kuamua hao wengine ni akina nani.

Ili hoja hiyo isimame, tuanze na kanuni yenyewe ya namba kubwa, inayosema kwamba ukirudia jaribio mara nyingi, wastani unaouona hukaribia wastani wa kweli. Husimuliwa vibaya hata na wanaoiuza. Mwanahisabati Jacob Bernoulli aliithibitisha katika kazi iliyochapishwa mwaka 1713, miaka minane baada ya kifo chake. Alichukua chombo chenye kokoto nyeupe 30 na nyeusi 20, akauliza: nikitoa kokoto moja, nikairudisha, nikarudia tena na tena, nitahitaji kurudia mara ngapi ndipo niwe na hakika, kwa uwiano wa 1,000 kwa 1, kwamba sehemu ya nyeupe niliyoipata iko kati ya 58 na 62 kwa mia? Jibu lake lilikuwa mara 25,550. Hesabu za leo, ambazo ni makini zaidi kuliko alizokuwa nazo, zinatosheka na kama 6,500. Hata hivyo linalofaa kukumbukwa ni kwamba wastani hutulia polepole mno, na kutulia huko kunahitaji marudio mengi kuliko watu wanavyodhani.

Sasa hamisha kokoto ziwe magari. Chukua kundi ambalo kila gari lina wastani wa madai 0.08 kwa mwaka, yaani madai 8 kwa kila magari 100. Madai yanapotokea moja moja bila kufuatana, mkengeuko sanifu wa idadi yake, yaani kipimo cha jinsi matokeo yanavyotawanyika kuzunguka wastani, ni kipeuo cha pili cha idadi inayotarajiwa, na kwa kawaida matokeo huangukia ndani ya mikengeuko miwili kila upande. Kampuni yenye magari 100 inatarajia madai 8, na mkengeuko ni 2.8, kwa hiyo mwaka mmoja inaweza kupata madai 3 na mwaka unaofuata 13 bila chochote kubadilika barabarani. Kampuni yenye magari 10,000 inatarajia 800, mkengeuko 28, na itaona kati ya 743 na 857, yaani asilimia 7 kila upande. Yenye magari milioni moja inatarajia 80,000, mkengeuko 283, na mikengeuko miwili ni asilimia 0.7 tu kila upande. Angalia vizuri: idadi halisi ya madai inayoweza kukosewa imepanda kutoka karibu 3 hadi 283. Kanuni haikupunguza hasara ya mtu yeyote, wala haikufanya mwaka mbaya ufidiwe na mwaka mzuri kwa deni la asili. Kilichopungua ni ukubwa wa kosa ukilinganisha na jumla, na ndiyo maana fungu la akiba la tahadhari kwa kila gari linaweza kuwa dogo kampuni ikiwa kubwa.

Wastani uliotulia si lazima uwe wastani sahihi, na hapa ndipo malalamiko mengi ya wateja yanapozaliwa. Tufuate kampuni ya mfano yenye magari 60,000 yaliyokuwa na bima mwaka mzima. Mwaka unapoisha, daftari linaonyesha madai yenye thamani ya 4,000,000, kwa sarafu yoyote uipendayo. Ukigawa kwa magari 60,000 unapata 66.67 kwa gari. Anayeishia hapo amefilisi kampuni, ijapokuwa hesabu yake ya kugawanya ni safi kabisa.

Kwanza, madai ya mwaka huo hayajakamilika. Aliyegongwa Desemba bado hajaleta karatasi, aliyevunjika mguu bado yuko kwenye matibabu, na kesi mbili tatu ziko mahakamani. Mtaalamu wa hesabu za bima hufungua rekodi za miaka ya nyuma na kupima kila mwaka ulikua kiasi gani tangu mwezi wa 12 hadi ulipofungwa kabisa. Kampuni yetu ikiona kwamba miaka iliyopita ilikua kwa asilimia 20, basi 4,000,000 inakuwa 4,800,000, yaani madai 4,800 ya wastani wa 1,000 kila moja. Kwa gari ni 80. Pili, bei haipangwi kwa ajili ya mwaka uliopita. Ajali za daftari zilitokea, kwa wastani, katikati ya mwaka wa kwanza. Bei mpya ikianza kutumika katikati ya mwaka wa pili, ikauzwa kwa miezi 12, na kila bima ikadumu miezi 12, ajali zitakazolipiwa kwa bei hiyo zitakuwa, kwa wastani, katikati ya mwaka wa tatu. Umbali ni miaka miwili. Kama vipuri, kazi ya karakana na matibabu vinapanda asilimia 6 kwa mwaka, 80 inazidishwa kwa 1.06 mara mbili na kuwa karibu 90. Hiyo 90 inaitwa ada halisi ya hatari, na ndani yake hamna hata senti ya mshahara.

Baada ya hapo huja gharama. Tuseme kutunza bima moja, kuanzia karatasi hadi mfumo na watu, kunagharimu 12 bila kujali ukubwa wa ada, na kwamba asilimia 20 ya ada huenda kwa mawakala na makato mengine, na asilimia 5 imewekwa kwa faida na tahadhari. Wengi hukosea kwa kujumlisha asilimia 25 juu ya gharama. Asilimia hizo zinakatwa kwenye ada yenyewe, kwa hiyo hesabu inakwenda kinyume: 90 na 12 ni 102, gawanya kwa 0.75, upate 136. Yule aliyeanza na 66.67 angepata karibu 105 na kuuza bima kwa hasara, gari baada ya gari. Kumwongezea wateja kusingemsaidia. Namba kubwa zingemhakikishia tu kwamba hasara inakuja kwa uhakika, kwa sababu kanuni hutuliza wastani wa kile kinachohesabiwa na haijui kama kimehesabiwa vibaya.

Hapo pia pana jibu la mteja anayeuliza kwa nini ada yake imepanda ilhali hajadai kitu. Ada yake haikuwa akiba yake iliyowekwa pembeni ikimsubiri. Ilikuwa sehemu yake ya 4,800,000 ya kundi, na sehemu hiyo imesogezwa miaka miwili mbele kwa bei za vipuri ambazo hakuna dereva aliyezipanga. Hoja inayofuatia, ile ya “miaka mitano sijadai, basi mimi si hatari,” ndiyo dhaifu kuliko zote katika mjadala huu, ingawa ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa. Inafaa ijibiwe kwa namba.

Tuseme kundi letu lina madereva wa aina mbili. Asilimia 80 ni waangalifu, wenye wastani wa madai 0.06 kwa mwaka. Asilimia 20 ni wakorofi, wenye 0.16. Ukichanganya unapata 0.08 ileile. Dereva mwangalifu ana uwezekano wa asilimia 74 wa kupita miaka mitano bila dai. Na mkorofi? Asilimia 45. Karibu nusu ya wakorofi, ambao hatari yao inazidi maradufu ya wenzao, watafika mwaka wa tano na rekodi nyeupe kama pamba, kisha watasimama dirishani kudai punguzo kwa kujiamini kuleule. Ukiwakusanya wote wenye rekodi safi ya miaka mitano, wakorofi bado ni kama 13 katika kila 100, badala ya 20 walioanza. Wastani wa madai wa kundi hilo safi ni 0.073. Maana yake, katika kundi hili la mfano, miaka mitano ya usafi ni ushahidi wa kustahili punguzo la asilimia 8 au 9. Anayemwambia dereva huyo kwamba amethibitisha yeye si hatari anamdanganya.

Wenye kujua bei watauliza: mbona basi punguzo la kutodai kwa kawaida huwa kubwa kuliko hapo, wakati mwingine nusu ya ada? Sehemu ya jibu ni kwamba makundi halisi yana tofauti kubwa zaidi kati ya madereva kuliko mfano wangu wa aina mbili. Lakini sehemu nyingine ni mpangilio wa bei. Ada ya msingi huwekwa juu ili punguzo lionekane nono, na punguzo lenyewe humfanya mteja alipe mikwaruzo midogo kutoka mfukoni ili asipoteze daraja lake. Madai yanayoonekana kwenye daftari yanapungua, ajali hazijapungua. Mtu akisoma takwimu hizo bila kujua habari hii atadhani barabara zimekuwa salama.

Turudi kwa yule anayetaka apangiwe bei kwa rekodi yake peke yake. Katika fani hii kipo kipimo cha zamani cha kuaminika kwa takwimu, kilichoanza kuandikwa na Albert Mowbray mwaka 1914 kwa bima ya wafanyakazi. Swali lake lilikuwa hili: madai mangapi yanatosha ili wastani wa kundi utumike wenyewe, bila kuegemea kundi jingine? Ukitaka uhakika wa asilimia 90 kwamba idadi uliyoiona haijapotoka kwa zaidi ya asilimia 5, jibu ni madai 1,082. Kwa madai 0.08 kwa mwaka, hiyo ni miaka ya gari 13,525. Kampuni inaweza kuikusanya kwa mwaka mmoja kutoka magari 13,525. Dereva mmoja anayetaka kuthibitisha hatari yake kwa madai yake tu atalazimika kuendesha kwa miaka 13,525, tena bila kuzeeka wala kubadilisha tabia. Na hapo tumehesabu idadi tu. Ukitaka kujua na thamani ya madai, ambayo hutawanyika sana kwa sababu dai moja ni taa iliyovunjika na jingine ni mtu aliyepooza, kiwango kinapanda. Mkengeuko sanifu wa thamani ukiwa mara mbili ya wastani wake, hali isiyo ya ajabu kwenye bima ya gari, 1,082 inazidishwa kwa 5.

Kwa hiyo kila kampuni inagawa wateja katika mafungu, na swali la kitaalamu ni mafungu madogo kiasi gani. Hapa ndipo wanaoshangilia bei ya mtu mmoja mmoja wanapoteleza. Chukua yale magari 60,000, uyagawe kwa rika 6, aina 5 za gari, kanda 10 na ngazi 4 za umbali. Umepata vyumba 1,200, kila kimoja na magari 50 na madai 4 yanayotarajiwa. Sasa tuseme, kwa ajili ya jaribio, kwamba magari yote 60,000 yana hatari ileile kabisa, hakuna tofauti yoyote kati ya chumba na chumba. Nini kitaonekana kwenye jedwali mwisho wa mwaka? Kama vyumba 22 havitakuwa na dai hata moja. Na kama vyumba 60 vitakuwa na madai 8 au zaidi, yaani angalau maradufu ya kawaida. Mchambuzi mchanga atafurahi. Ataona kwamba madereva wa rika fulani, wenye gari fulani, katika kanda fulani, ni hatari mara mbili, na hatakosa hadithi ya kueleza kwa nini. Mwaka unaofuata vyumba vile vitarudi kwenye 4 na vingine 60 vitachukua nafasi yao. Dalili ya ugonjwa huu ni hiyo hiyo: panga vyumba kwa ubaya wa mwaka jana, kisha uangalie mwaka huu. Vikirudi katikati, ulichopima ilikuwa bahati.

Tiba ya kwanza ni kutokiamini chumba kuliko kinavyostahili. Kanuni rahisi inatoa uzito kwa takwimu za chumba kwa kipeuo cha pili cha madai yake yaliyogawanywa kwa 1,082:

```
Z = √(n / 1082)
bei = Z × wastani wa chumba + (1 − Z) × wastani wa kundi
```

Chumba chenye madai 8 kina Z ya 0.086. Wastani wake ni 0.16, wa kundi ni 0.08, na mchanganyiko unatoa 0.087. Badala ya ada kupanda maradufu, sehemu ya hatari inapanda chini ya asilimia 9. Mwaka 1967 Hans Bühlmann aliweka msingi imara zaidi, ambamo uzito hautegemei tu wingi wa madai bali pia jinsi mafungu yanavyotofautiana kweli. Mafungu yakiwa yanafanana, kundi linapewa sauti kubwa. Yakiwa yanatofautiana sana, kila fungu linajisemea. Binafsi naona hili ni jambo la busara kuliko yote katika hesabu za bima, na linanishangaza jinsi lisivyojulikana nje ya fani.

Tiba ya pili ndiyo inayotumika sana leo. Badala ya kukadiria vyumba 1,200, mtaalamu anakadiria vizidisho: kimoja kwa kila rika, kimoja kwa kila aina ya gari, kila kanda, kila ngazi ya umbali, kisha anavizidisha pamoja. Katika kila orodha fungu moja huwa la msingi, lenye kizidisho 1, kwa hiyo vinabaki vizidisho 21 na bei moja ya msingi: namba za kukadiria zinashuka kutoka 1,200 hadi 22. Kila kanda sasa inasimama juu ya magari 6,000 na madai 480, ambayo yanatoa usahihi wa kama asilimia 9 kila upande. Dereva wa chumba chenye magari 50 anapangiwa bei na magari 6,000 ya kanda yake, 10,000 ya rika lake, 12,000 ya aina ya gari lake na 15,000 ya ngazi yake ya umbali. Gharama ya njia hii ni dhana kwamba athari zinazidishana kwa utulivu. Penye mwingiliano wa kweli, kwa mfano kijana mwenye gari lenye nguvu akiwa hatari kuliko ujana na nguvu vikizidishwa, modeli italenga pembeni mpaka mtu aiambie. Na kuiambia kunahitaji madai ya kutosha katika mwingiliano huo wenyewe.

Sasa kifaa kinaingia wapi? Uzuri wake ni wa kweli na si wa kubezwa. Dereva wa kawaida katika mfano wetu analeta dai moja kila miaka 12 na nusu, lakini katika mwezi mmoja analeta mamia ya kilomita na breki nyingi za kupimwa. Kilomita hasa ni dhahabu, kwa sababu gari lililolala gereji haligongani. Zamani mteja aliulizwa umbali akataja alichotaka, sasa unapimwa. Kwa hiyo tabia yake inajulikana upesi, na kanuni ya namba kubwa inafanya kazi ndani ya dereva mmoja: wastani wa breki zake za ghafla kwa kilomita 100 unatulia ndani ya miezi michache. Hapo wanaoshangilia wana haki.

Lakini kampuni hailipi breki. Inalipa madai. Kwamba breki tano za ghafla kwa kilomita 100 ni sawa na ongezeko fulani la madai, hilo haliwezi kutoka kwa dereva huyo, kwa sababu yeye hana madai ya kutosha. Linatoka kwa maelfu ya madereva wenye kifaa, waliopangwa kwa alama, wakahesabiwa madai yao. Jaribio la heshima hufanywa hivi: wapange madereva kwa alama, wagawe katika mafungu 10 yenye miaka ya gari sawa, kisha hesabu madai ya kila fungu katika kipindi ambacho hakikutumika kutengeneza alama. Kwa magari 60,000 kila fungu linapata 6,000 na madai kama 480. Fungu la chini likiwa na madai mara tatu ya la juu kwenye takwimu za kutengenezea, lakini mara 1.4 tu kwenye kipindi kipya, alama ilikariri kelele, na bei inayotegemea hiyo mara tatu ni uonevu uliovaa miwani ya sayansi. Hata jaribio likifaulu, bado kuna mitego. Anayekaa penye foleni nzito hufunga breki mara nyingi hata akiwa makini, kwa hiyo alama inapima barabara anayopita badala ya mkono wake. Simu haijui nani ameshika usukani. Na wanaojitolea kufungiwa kifaa mwanzoni ni wale wanaojiona wazuri, kwa hiyo uhusiano uliopimwa kwao huenda usiwashike watakaolazimishwa baadaye.

Upande wa pili, wa wanaoomboleza mfuko wa pamoja, una hoja nzito kuliko huu wa kwanza, ijapokuwa haiko pale wanapoiweka. Wanadai kampuni irudi kwenye bei moja kwa wote. Katika soko huria kampuni moja haiwezi. Rudia wale 80 waangalifu na 20 wakorofi, madai ya 1,000 kila moja, ada ya hatari 80 kwa wote. Mshindani akija na 65 kwa waangalifu, nusu yao wakahama, waliobaki ni 40 wenye gharama ya 60 na 20 wenye gharama ya 160. Wastani umepanda hadi 93. Kampuni inapandisha bei, waangalifu wengine wanaondoka, bei inapanda tena. Mwisho inabaki na wakorofi peke yao, kwa bei ambayo ilikuwa inakataa kuwatoza. Kwa hiyo mgawanyo wa bei mara nyingi ni woga wa mshindani kuliko uchoyo. Ndiyo maana jamii inayotaka tofauti fulani isitumike haina budi kuifungia kampuni zote kwa pamoja. Umoja wa Ulaya ulifanya hivyo kuhusu jinsia: mahakama yake iliamua mwaka 2011, na tangu tarehe 21 Desemba 2012 mikataba mipya haiwezi kutoza wanaume na wanawake ada tofauti kwa sababu ya jinsia. Takwimu za madai hazikukanushwa na uamuzi ule. Ulichoamua ni nani achangie nani, na hilo si swali la hesabu.

Uzito wa hoja yao uko penye mkorofi asiye na makosa: anayeendesha usiku kwa sababu kazi yake ni ya zamu, anayeishi kwenye kanda ya ajali kwa sababu kodi ya nyumba ni nafuu. Kifaa kinamwona kwa usahihi zaidi na kumpandishia ada kwa usahihi zaidi. Akishindwa kulipa, ataendesha bila bima, na atakayegongwa naye ndiye atakayebeba gharama. Modeli ya bei haina safu ya kuandika gharama hiyo, kwa sababu mtu huyo hayumo tena kwenye daftari.

Kuna mahali ambapo pande zote mbili hunyamaza. Hesabu zote nilizofanya zilidhani kwamba ajali ya gari hili haihusiani na ya lile. Legeza sharti hilo kidogo tu, upe uhusiano wa asilimia 1 kati ya kila magari mawili, na kanuni inakwama. Kwa madai 0.08 kwa gari, mkengeuko wa wastani hautashuka chini ya 0.028, zaidi kidogo ya theluthi moja ya wastani wenyewe, hata ukikusanya magari milioni kumi. Kuongeza wateja hakusaidii tena. Mvua ya mawe na mafuriko hufanya hivyo hasa, na kwa ajili yake kampuni hutenga hesabu ya majanga pembeni, ikanunua bima mtawanyo kutoka kwa kampuni zinazobeba hatari za mabara mengi, na kuingiza gharama hiyo kwenye ada ya kila mtu. Mto ukivunja kingo usiku mmoja, gari la dereva mwenye alama 95 na la mwenye alama 40 yatakuwa yameegeshwa kwenye maji yale yale, vifaa vyote viwili vikisoma kilomita sifuri, breki sifuri.